Barua kwa KRA: Hesabu Kwanza, Msamaha Baadaye

Mfanyabiashara wa Kenya aliyesajiliwa kulipa VAT huieleza serikali mauzo yake mara mbili. Kila mwezi, kufikia tarehe 20, hujaza marejesho ya VAT ya mwezi uliopita. Kisha mara moja kwa mwaka, kufikia tarehe 30 Juni, hujaza marejesho ya ushuru wa mapato. Takwimu zote mbili huhifadhiwa katika mfumo mmoja, iTax, na siku hizi kuna shahidi wa tatu, eTIMS, anayenakili kila ankara inapotolewa. Afisa wa KRA hahitaji kufika dukani ili kugundua kwamba mauzo ya VAT ya miezi kumi na miwili hayalingani na mauzo ya marejesho ya mwaka. Kompyuta humwonyesha.

Ndipo ilani hutumwa kwa baruapepe. Hutaja PIN, mwaka wa mapato, tofauti iliyoonekana na muda wa kujibu. Kwa kawaida tofauti yote huchukuliwa kuwa mapato yaliyofichwa mpaka mlipaji aeleze vingine. Hapo wengi hukosea, kwa sababu wakishikwa na hofu huandika barua ya kulia. Hueleza kwamba biashara imekuwa ngumu, watoto wako shuleni, mama ni mgonjwa, halafu humalizia kwa kukiri kosa na kuomba msamaha. Mambo hayo huenda ni kweli tupu, na anayeyaandika anastahili kuhurumiwa. Lakini afisa aliyepewa faili hana safu ya kuyaingiza. Anachotakiwa kufanya ni kuifuta tofauti au kuiweka, shilingi kwa shilingi, na barua hiyo haijampa hata shilingi moja ya kufutia. Tena imemwachia ungamo la maandishi.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe. Marejesho yake ya VAT ya mwaka 2024 yakijumlishwa yanaonyesha mauzo ya shilingi 9,640,000 bila VAT yenyewe. Marejesho yake ya ushuru wa mapato yanaonyesha 8,300,000. Tofauti ni 1,340,000. Mapato yake yako katika ngazi inayotozwa asilimia 30, kwa hiyo akiandika tu kwamba anakubali kosa, amekubali ushuru mpya wa 402,000 kabla ya adhabu wala riba.

Kazi yake ya kwanza ni kuketi na ankara zote za mwaka huo na kuitafuta 1,340,000 imetoka wapi. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato. Anachukua marejesho ya kila mwezi, anayalinganisha na daftari la mauzo la mwezi huo huo, na kuweka alama kwenye mwezi usiolingana. Katika mfano wetu miezi mitatu ndiyo isiyolingana, na kila mmoja una sababu yake.

Mwezi Machi aliuza pikapu kuukuu ya dukani kwa shilingi 650,000. Alitoza VAT, kama alivyopaswa, na mauzo hayo yakaingia katika marejesho ya VAT. Lakini bei ya gari la biashara si mauzo ya bidhaa. Katika ushuru wa mapato huondolewa kwenye thamani ya magari iliyobaki katika jedwali la uchakavu. Hapa tofauti ni ya haki, mradi jedwali lake lionyeshe kweli kwamba gari hilo limetoka. Lisipoonyesha, swali moja litazaa la pili.

Mwezi Septemba alitoa ankara ya 280,000 kwa mteja ambaye mwezi Desemba alirudisha bidhaa zote. Daftari lake la mwaka liliyaondoa mauzo hayo, lakini hati ya kuipunguza ankara ilitolewa Januari 2025, kwa hiyo VAT ilipungua mwaka uliofuata. Tofauti hii nayo ina maelezo, na ushahidi wake ni hati hiyo pamoja na karatasi ya kupokelea bidhaa zilizorudi.

Zinabaki 410,000 za Novemba. Hizi ni mauzo halisi. Karani wa mauzo aliziingiza katika VAT, lakini ukurasa wa daftari la duka la pili haukujumlishwa wakati hesabu za mwaka zilipofungwa. Hapa hakuna la kutetea. Mapato yalipunguzwa, na kwa kuwa gharama za bidhaa hizo zilikwisha kudaiwa, 410,000 yote inatozwa ushuru. Asilimia 30 yake ni 123,000.

Sasa barua inaweza kuandikwa, na sehemu yake kubwa inajiandika yenyewe. Juu inakaa PIN, namba ya rejea ya ilani na mwaka wa mapato unaohusika, kwa sababu barua isiyo na rejea hupotea kati ya madawati. Kisha maelezo, kwa mfano hivi:

“Kwa Kamishna. Nimepokea ilani yenu kuhusu tofauti ya Sh 1,340,000 kati ya marejesho yangu ya VAT na ya ushuru wa mapato ya mwaka 2024. Nimeilinganisha mwezi kwa mwezi. Sh 650,000 ni bei ya gari la biashara lililouzwa Machi, ambayo imeondolewa katika jedwali la uchakavu (kiambatisho A). Sh 280,000 ni ankara ya Septemba ambayo bidhaa zake zilirudishwa Desemba (kiambatisho B). Sh 410,000 ni mauzo ya Novemba ambayo hayakujumlishwa katika hesabu za mwaka. Ninakubali kwamba kiasi hiki kinatozwa ushuru. Nimelipa Sh 123,000 pamoja na riba, na stakabadhi imeambatishwa (kiambatisho C). Ukurasa wa daftari ulioachwa, pamoja na jumla ya mwaka inayoonyesha ulivyorukwa, ni kiambatisho D.”

Ungamo limebaki kwenye 410,000 peke yake. Neno “nimelipa” nalo lina uzito ambao “nitalipa” haliupati kamwe. Ushuru wenyewe, yaani deni la msingi, si jambo la kuombewa msamaha katika barua hii, na anayeuchanganya na adhabu huifanya barua nzima ionekane kama jaribio la kukwepa. Pesa zikipatikana kwa tabu, ni heri kuomba mpango wa kulipa kwa awamu katika ombi la peke yake.

Ombi la adhabu linafuata, na hapa sheria imebadilika kiasi kwamba barua za zamani zinazonakiliwa kutoka ofisi hadi ofisi zimepitwa na wakati. Chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, mlipaji aliweza kumwandikia Kamishna aondolewe adhabu au riba kwa sababu ya dhiki au haki. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikiondoa kifungu hicho, ikaweka badala yake msamaha wa jumla: aliyelipa deni lote la msingi la miaka hadi mwisho wa 2022 kufikia 30 Juni 2024 alifutiwa adhabu na riba. Marekebisho ya Desemba 2024 yalisogeza msamaha huo uguse madeni ya hadi mwisho wa 2023, msingi ulipwe kufikia 30 Juni 2025. Mwaka 2024 wa mfanyabiashara wetu haumo. Sheria ya Fedha ya 2025 ilifungua tena mlango, lakini mwembamba: adhabu au riba iliyotokana na kosa la mfumo wa kielektroniki, kuchelewa kwa mfumo kusasishwa, kutozwa mara mbili kwa hitilafu ya mfumo, au mlipaji kusajiliwa kwa aina ya ushuru isiyomhusu.

Nadhani Bunge lilikosea kuondoa kabisa sababu ya dhiki. Mjane aliyerithi duka na madaftari yaliyovurugika si sawa na mfanyabiashara mkubwa anayecheza na tarehe. Lakini barua huandikwa chini ya sheria iliyopo, na kuomba kwa sababu ambayo sheria haiitambui ni kupoteza siku ambazo ni chache.

Mfanyabiashara wetu anaweza kuomba nini, basi? Adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru, yaani 6,150, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani 1,230 kila mwezi tangu 30 Aprili 2025, siku ambayo salio la ushuru wa 2024 lilipaswa kulipwa. Hizi mfumo haukuzisababisha, na ushauri wangu ni azilipe bila kubishana. Inayostahili kupiganiwa ni adhabu ya taarifa isiyo sahihi. Kifungu cha 84 kinaruhusu asilimia 20 ya ushuru uliopungua, hapa 24,600, na asilimia 75 ikiwa upungufu ulikusudiwa, yaani 92,250. Kifungu hicho hicho kinamwondolea adhabu asiyejua, na asiyeweza kutarajiwa kujua, kwamba taarifa yake si sahihi. Kosa la kiuandishi lisilojirudia nalo linatambuliwa. Hapo ndipo ukurasa ulioachwa unapopata thamani. Mauzo yale yalikuwa tayari mbele ya KRA katika marejesho ya VAT ya Novemba, na mtu anayetaka kuficha mauzo hayatangazi mwenyewe kwa mamlaka ile ile. Sentensi hiyo moja, yenye ushahidi nyuma yake, ina nguvu kuliko aya tatu za masikitiko. Lakini kosa la namna hiyo likionekana pia katika mwaka 2023, hoja inaporomoka, kwa hiyo aangalie miaka ya nyuma kabla ya kuiandika.

Kuna mtego mmoja wa tarehe. Ilani ya kuuliza tofauti hujibiwa kwa maelezo. Lakini KRA ikishatoa makadirio rasmi ya ushuru, chombo cha kuyapinga si barua ya maombi bali ni pingamizi, na muda wake ni siku 30 tangu kuarifiwa. Pingamizi halali hutaja wazi sababu za kupinga na marekebisho yanayotakiwa, na ushuru usiopingwa uwe umelipwa. Mtu anayetuma ombi la huruma na kukaa akisubiri jibu huona siku 30 zikipita, makadirio yakawa deni kamili, na baada ya hapo hata ankara ya gari la Machi haina mahali pa kusikilizwa kwa urahisi. Muda unaweza kuongezwa kwa sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, lakini ni lazima uombwe. Kamishna ana siku 60 za kuamua pingamizi, na asiyeridhika na uamuzi huo ana siku 30 za kwenda katika Mahakama ya Rufaa za Ushuru.

Barua yenyewe inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwani ni lugha rasmi ya Kenya sawa na Kiingereza, na sheria hukubali kumbukumbu za ushuru ziwekwe katika lugha yoyote ya hizo mbili. Ipelekwe kwa njia iliyotajwa katika ilani. Ikipelekwa kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ikitumwa kwa baruapepe, jibu la kuthibitisha lihifadhiwe pamoja na viambatisho vyote kwa miaka isiyopungua mitano, ndio muda ambao sheria humtaka mlipaji atunze kumbukumbu zake.