Takwimu za Tovuti Zihifadhiwe Kabla Hazijafutika

Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyatafuta hadi wakamfikia, hutunza takwimu za miezi 16 tu. Kila siku mpya inapoingia, siku moja ya zamani hutoka, na ikishatoka hairudi. Chukua tovuti ya nyumba ya wageni Zanzibar, ambako watalii huongezeka Julai na Agosti. Mwenyewe akitaka, mwezi Februari 2026, kulinganisha Julai 2025 na Julai 2024, atakuta takwimu zinaanzia Oktoba 2024. Julai ya kwanza imeshafutika.

Tatizo la pili ni kubadilika kwa maana ya kipimo. Tarehe 1 Julai 2023, Google iliacha kupokea takwimu mpya katika Universal Analytics ya kawaida, na nafasi yake ikashikwa na Google Analytics 4. Kote kuwili kuna kipimo kiitwacho Bounce rate, yaani asilimia ya ziara za watu waliochungulia na kuondoka. Katika mfumo wa zamani, msomaji aliyefungua ukurasa mmoja, akausoma dakika nne na kutoka bila kubofya chochote, kwa kawaida alihesabiwa humo. Katika mfumo mpya hahesabiwi, kwa kuwa ziara iliyozidi sekunde 10 huchukuliwa kuwa ya mtu aliyevutiwa. Asilimia ikashuka ghafla, ilhali wasomaji na tabia zao ni walewale.

Dawa ni kuchukua nakala kila mwezi. Kwa Search Console, inafaa kusubiri hadi tarehe 5 hivi, kwa sababu takwimu za siku za mwisho huwa bado hazijakamilika. Huchaguliwa mwezi mzima uliopita, kisha hubonyezwa Export na kupakuliwa faili la CSV, linaloweza kupigiwa hesabu baadaye; picha ya skrini haitoi nafasi hiyo. Jumla ya mibofyo nayo iandikwe, kwani orodha ya maneno huishia safu 1,000, na maneno yanayotafutwa na watu wachache hufichwa kulinda faragha. Kwa hiyo kujumlisha orodha hakutoi jumla halisi.

Pamoja na faili hukaa maelezo mafupi: tarehe ya kupakua, vichujio vilivyotumika na maana ya kila kipimo siku hiyo. Kipimo kikiruka au kuporomoka kwa siku moja katika kurasa zote, huku maombi ya vyumba yakibaki palepale, maelezo hayo ndiyo ya kuangalia kwanza. Nakala haiwezi kugeuza hesabu ya zamani kuwa ya kipya. Pale maana ilipobadilika, mstari wa grafu hukatwa, na kila kipande husomwa peke yake. Mifumo miwili ikiwahi kuendeshwa sambamba kwa miezi kadhaa, tofauti kati ya vipande hivyo hupimika.