Kuhariri Ujumbe Mfupi wa Simu: Mfano kutoka Dunga

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ujumbe mfupi wa Kiswahili unavyoharibiwa na simu inayosahihisha maneno yenyewe, na jinsi mwandishi anavyoweza kuuhariri kabla ya kuupeleka. Mfano wetu ni wa kubuni, lakini ni wa aina iwezayo kuandikwa siku yoyote baina ya mji wa Kisumu na ufuko wa Dunga, ambako samaki hununuliwa kwa makubaliano ya simu.

Mwuzaji wa sokoni anamwandikia mama mmoja wa Dunga amwuziaye omena. Anakusudia kusema: “Omena ya jana ilikuwa na mchanga. Leta debe mbili saa nne. Hata sijauza.” Simu yake imepangwa kwa Kiingereza, na ujumbe unaofika ni huu: “Omens ya jana ilikuwa na mchanga. Leta debe mbili saa nine. Hate sijauza.”

Chanzo cha mageuzi haya ni rahisi kueleza. Simu ina orodha ya maneno ya lugha iliyochaguliwa. Neno lisilomo katika orodha hulinganishwa na yale yanayokaribiana nalo: yenye herufi moja zaidi, au yenye herufi moja tofauti, hasa ambayo kitufe chake ki jirani. Kwa hiyo maneno mafupi ndiyo yaliyo hatarini zaidi, kwa kuwa yana majirani wengi. Neno refu kama “ilikuwa” aghalabu huachwa, kwani halina jirani.

Makosa haya matatu hayana uzito sawa. La kwanza halidhuru, maana msomaji atalitambua mara moja. La tatu linadhuru heshima: “hata” lilikuwa neno la kujitetea, na sasa msomaji anaona neno la chuki. Lakini la pili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani kuwa kosa. Watu wa Kisumu huchanganya hesabu za Kiingereza na Kiswahili kila siku, na “saa nine” haimshangazi mtu. Mama aweza kuielewa kuwa saa tisa alasiri. Au, akifuata hesabu ya Kiingereza, saa tatu asubuhi. Au akadhani kwamba “nane” imekosewa. Katika tafsiri zote tatu hakuna hata moja inayompa saa nne.

Kutokana na hayo, uhariri uanze na hesabu. Saa, kiasi na bei ziandikwe kwa tarakimu, na saa ifuatwe na neno la wakati: “saa 4 asubuhi”. Kisha yatazamwe maneno ya herufi tatu hadi tano, moja moja, na ikiwezekana kwa sauti. Jicho la mwandishi husoma alichokikusudia, bali sikio husikia kilichoandikwa. Kuchagua Kiswahili katika kibodi kunasaidia, ila hakumalizi tatizo. Kitenzi cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno kwa viambishi, na orodha ya maneno haiwezi kuyakusanya yote. Tena “omena”, neno la Kijaluo, huenda lisiwemo.

Hatua ya mwisho ni ukavu wa kauli. Hapa simu haina lawama. “Leta” ni amri tupu, isiyotaja anayeomba wala anayeombwa. “Naomba uniletee” inawataja wote wawili kwa viambishi vyake, na kiambishi cha kutendea kinaonyesha kwamba jambo hilo ni hisani kwa mwombaji. Vivyo hivyo, “tuliikuta na mchanga” yaeleza hali iliyoonekana, bila kumshtaki aliyeianika. Ujumbe uliohaririwa utakuwa hivi:

“Mama, habari za leo? Asante kwa omena ya jana, ila tuliikuta na mchanga. Naomba uniletee debe 2 safi kesho saa 4 asubuhi. Ya jana bado sijaiuza.”

Yaweza kudaiwa kwamba ufupi wa awali ulilazimishwa na kipimo cha ujumbe mmoja wa simu, ambacho ni herufi 160. Tukihesabu, nafasi na alama zikiwemo, ujumbe wa kwanza ulikuwa na herufi 72 tu, na huu wa pili una 144. Nafasi ya salamu ilikuwapo tangu mwanzo. Hata hivyo adabu nayo ina mpaka wake: salamu zikirefushwa hata ombi likasukumwa chini, msomaji aliye ufukoni, mikono yake ikiwa katika samaki, huenda asifike kwenye saa.