Ukurasa Mmoja, Mipaka Mitano

Kadi ya mwaliko wa harusi ya ukubwa wa A5, rangi ya damu ya mzee hadi ukingoni, maandishi ya dhahabu katikati. Msanifu ameimaliza, ameitoa kama PDF ya kupelekwa kwa mpiga chapa, na kabla ya hapo ameirusha kwenye kundi la kamati ili waione. Dakika chache baadaye malalamiko yanaanza: mbona ina ukanda mweupe pande zote, na vile vijistari vya kwenye pembe ni vya nini? Msanifu anafungua faili, anakata ule weupe kwa zana ya kukatia, anahifadhi. Kamati inaridhika. Faili hiyohiyo inakwenda kiwandani, na kadi zinarudi zikiwa na uzi mweupe kwenye ukingo wa kulia.

Makosa haya mawili, ukanda mweupe kwenye simu na uzi mweupe kwenye karatasi, yana chanzo kimoja. Ukurasa wa PDF hauna mpaka mmoja. Unaweza kuwa na mitano, kila mmoja ukiwa mstatili ulioandikwa ndani ya faili kwa namba nne, na kila programu huchagua wenyewe mstatili wa kuufuata.

Mkubwa kuliko yote unaitwa `MediaBox`. Huo ndio karatasi nzima, na ndio pekee ambao hauwezi kukosekana. Wa pili ni `CropBox`, dirisha ambalo msomaji huoneshwa ukurasa kupitia kwake. Hiyo miwili imekuwamo tangu PDF ilipotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993. Mingine iliongezwa katika toleo la 1.3, lililokuja na Acrobat 4 mwaka 1999, kwa sababu wapiga chapa walihitaji kujua jambo ambalo msomaji wa kawaida halimhusu: kisu kinapita wapi? `TrimBox` ndio mstari wa kisu, yaani ukubwa wa kadi ikishakatwa. `BleedBox` hupita nje kidogo ya mstari huo, mahali rangi inapoishia. Wa tano, `ArtBox`, huzunguka mchoro wenyewe na haukutani nao mara nyingi; tuuache.

Kwa nini rangi ivuke mstari wa kisu? Kwa sababu karatasi haitulii. Huyumba kidogo ikipita mashineni, na rundo zima huyumba tena chini ya gilotini. Rangi ikiishia palepale kisu kinapotakiwa kupita, kuyumba kwa nusu milimita kunatosha kuacha uzi wa karatasi tupu. Ndiyo maana huachwa ziada, kwa kawaida milimita 3 kila upande, kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa cha mshono.

Tuiangalie kadi yetu kwa namba. Kuna programu ndogo ya bure, sehemu ya furushi la Poppler, inayosoma mipaka hii:

```
pdfinfo -box kadi.pdf
```

Kwa faili ya kwanza, kabla msanifu hajaigusa, majibu yangekuwa hivi (nimeacha mstari wa `ArtBox`):

```
MediaBox:   0.00   0.00  476.22  651.97
CropBox:    0.00   0.00  476.22  651.97
BleedBox:  19.84  19.84  456.38  632.13
TrimBox:   28.35  28.35  447.87  623.62
```

Namba mbili za kwanza ni pembe ya chini kushoto, mbili za mwisho ni pembe ya juu kulia. Kipimo ni pointi, na pointi 72 hufanya inchi moja. Toa 28.35 kwenye 447.87, utapata 419.52, ambazo ni milimita 148: upana wa A5. Kutoka `TrimBox` hadi `BleedBox` ni pointi 8.5, yaani zile milimita 3. Karatasi nzima ina upana wa milimita 168, kwa hiyo imebaki nafasi ya milimita 10 kila upande kwa ajili ya ziada ya rangi na alama za kukatia.

Sasa tazama `CropBox`. Iko sawasawa na karatasi nzima. Simu ilifungua dirisha lote ikaonesha kila kilichomo, alama na weupe wake. Haikukosea. Hata faili isiyotaja `CropBox` kabisa ingetoa picha hiyohiyo, maana usipotajwa huhesabiwa kuwa sawa na `MediaBox`.

Msanifu alipokata, alisogeza dirisha tu. `CropBox` ikahamia kwenye mstari wa kisu, na `MediaBox` ikabaki ilivyokuwa. Hakuna kilichofutwa, ziada ya rangi na alama bado zimo, zimefichwa. (Hapa watu huumbuka. Anayekata safu ya majina kwenye orodha ya matokeo ya mtihani ili abakize alama tu, ajue kwamba programu inayosoma `MediaBox` itayarudisha majina yote.) Kiwandani, aliyepanga kadi kwenye karatasi kubwa aliziingiza kwa kufuata `CropBox`. Programu ikachukua kilichoonekana dirishani, ikaacha zile milimita 3 nje. Kisu kikayumba, weupe ukatokea.

Kosa hilo lingerekebishika kabla ya kuchapa. Katika InDesign, kwa mfano, anayeingiza PDF huulizwa afuate mpaka upi, na akichagua `Bleed` ziada inarudi. Lakini kama msanifu angehifadhi kwa kupitia amri ya kuchapa kwenda PDF, mara nyingi ukurasa huchorwa upya na kilichofichwa hupotea kwelikweli. Vilevile, kuandika `BleedBox` kubwa hakuzalishi rangi. Kama mandhari yaliishia kwenye mstari wa kisu tangu mwanzo, mpaka huo utazunguka weupe mtupu. Acrobat ina chaguo la kuonesha mipaka hii kwenye skrini, chini ya `Page Display` katika `Preferences`. Liwashe, kisha utazame kama kuna rangi kati ya mstari wa ndani na wa nje.

Si kila weupe hutokana na mipaka hii. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuweka wino hadi mwisho wa karatasi, kwa hiyo hukata milimita kadhaa za ukingoni, au, ukichagua `Fit`, huupunguza ukurasa wote ili uingie. Rula inatosha kutofautisha: kama ukanda mweupe umekuja na kadi imesinyaa chini ya milimita 148, ni printa. Kama kipimo ni sahihi na alama za pembeni zinaonekana, ni `CropBox`.

Njia salama ni kutoa faili mbili zenye majina tofauti: ya kamati, iliyotolewa bila alama wala ziada, na ya mpiga chapa, isiyoguswa na zana ya kukatia.

Na zile kadi zilizokwisha kuchapwa? Zinaweza kurudi kwenye gilotini na kupunguzwa milimita 2 upande wenye uzi, na 2 upande wa pili ili maandishi yabaki katikati. Zitakuwa na upana wa milimita 144, na zitaingia vizuri kwenye bahasha ileile. Sharti ni kwamba msanifu aliweka maandishi angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kisu. Kama aliyasogeza karibu zaidi na ukingo, itabidi kuchapa upya.