Istilahi Nne za Mkataba wa Hiari: Bei ya Kutekelezea, Ada, Ukomo na Kupangiwa

Kikundi cha kujisomea cha wawekezaji wapya kinapofungua kwa mara ya kwanza jedwali la mikataba ya hiari ya hisa za Marekani, hukutana na maneno manne ambayo tafsiri za harakaharaka zimeyavuruga. Bei iliyoandikwa mkatabani imeitwa “bei ya mgomo”, kana kwamba kuna wafanyakazi walioweka chini zana zao. Wajibu unaomwangukia muuzaji umeitwa “kazi ya nyumbani”. Makosa hayo huchekesha, lakini madhara yake ni ya fedha, kwa kuwa kila moja ya istilahi hizo inaeleza ni nani anayedaiwa, anadaiwa kiasi gani na hadi lini.

Yafaa kuanza na jina la mkataba wenyewe. Mkataba wa hiari humpa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokwisha kuwekwa, hadi siku iliyokwisha kutajwa, bila kumlazimisha kufanya hivyo. Neno “chaguo”, linalotumiwa na baadhi ya wafasiri, halitoshi: chaguo ni kile kilichochaguliwa, ilhali hiari ni uwezo wa kutenda au kuacha. Hiari hiyo ni ya mnunuzi peke yake. Muuzaji hana tena hiari tangu anapopokea fedha. Kilichobaki kwake ni kungoja. Kwa sababu hiyo pia haifai kumwita “mwandishi” wa mkataba, kama wafanyavyo wanaofuata Kiingereza neno kwa neno. Yeye ni muuzaji wa hiari, na inatosha.

Mikataba hii ilianza kuuzwa kwa vipimo vilivyosanifishwa huko Chicago tarehe 26 Aprili 1973, ikiwa ni hiari za kununua hisa za kampuni 16 tu. Hiari za kuuza zilifuata mwaka 1977. Kusanifishwa huko ndiko kulikoleta desturi ya mkataba mmoja kuhusu hisa 100, na idadi hiyo ndiyo ya kukumbukwa kabla ya nyingine yoyote.

Tuchukue mfano mmoja. Hisa ya kampuni fulani inauzwa dola 48. Mwanaidi anaamini itapanda, naye ananunua mkataba mmoja wa hiari ya kununua. Baraka, mwenye hisa 100 za kampuni hiyo, ndiye anayeuza mkataba wa namna hiyo. Katika jedwali la dalali, mstari wao unasomeka hivi:

```
50 CALL  1.20
```

Namba 50 iko chini ya safu iitwayo `Strike`. Hiyo ni bei ambayo Mwanaidi atainunulia kila hisa iwapo ataitumia haki yake. Istilahi inayopendekezwa hapa ni “bei ya kutekelezea”, na kauli ya kutendea ndiyo inayoibeba maana: si bei ya kutekeleza jambo, bali ni bei ambayo kwayo mkataba hutekelezwa. Yapo majina mengine mawili yanayoonekana mepesi zaidi, lakini yote mawili yana mtego. “Bei ya maelewano” kwa msomaji wa matangazo ya nyumba na magari ni bei ambayo bado inaweza kupunguzwa, ilhali bei hii haipunguzwi wala kuongezwa kwa mazungumzo ya yeyote. “Bei ya mkataba” nayo ina sura mbili, kwa sababu kihusishi “ya” hakisemi kama ni bei iliyomo mkatabani au ni bei ya kuununulia mkataba wenyewe. Maana hiyo ya pili ni istilahi nyingine kabisa.

Istilahi hiyo nyingine ni ada. Ile 1.20 iliyo mwishoni mwa mstari ni bei ya hiari kwa kila hisa moja, kwa hiyo Mwanaidi analipa dola 120 wala si dola moja na senti ishirini. Wageni wengi hujikwaa hapa, na njia rahisi ya kujikagua ni kuzidisha kwa 100 kabla ya kubonyeza chochote.

Neno “ada” limechaguliwa kwa sababu ada haidaiwi irudi. Mtu aliyelipa ada ya kiingilio akaondoka mapema hana madai. Lipo neno la zamani zaidi linalokaribia maana hii, nalo ni “arubuni”, lililotoka katika Kiarabu: fedha ambayo mnunuzi humwachia muuzaji ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine, na ambayo huipoteza asiporudi kuikamilisha bei. Wanazuoni wa fedha za Kiislamu wamekwisha kulinganisha arubuni na hiari ya kununua, na ulinganisho huo una nguvu. Hata hivyo, mnunuzi akikamilisha biashara, arubuni huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Ada ya hiari haihesabiwi hivyo. Mwanaidi akiitumia haki yake atalipa dola 5,000 kamili kwa hisa 100, juu ya dola 120 alizokwisha kutoa. Mwalimu anaweza kuitumia arubuni kufungulia somo, ilimradi aiseme tofauti hiyo siku hiyohiyo.

Kutokana na namba hizo mbili inapatikana bei ya kurudisha gharama, yaani 50 kujumlisha 1.20, ambayo ni dola 51.20. Hapa huzaliwa kosa ambalo hata wanaojua hesabu hulifanya. Siku ya mwisho hisa ikiwa dola 50.70, wapo watakaosema Mwanaidi asijisumbue kwa kuwa hajafika 51.20. Sivyo. Ada imekwisha kwenda na hairudi kwa kukaa kimya. Haki aliyo nayo inamwezesha kununua kwa 50 kitu kinachouzwa 50.70, kwa hiyo bado ina thamani ya dola 70 kwa hisa zote 100. Akiitumia au akiuuza mkataba kwa bei inayokaribia hiyo, hasara yake itakuwa takriban dola 50. Akiiacha, itakuwa dola 120. Bei ya kurudisha gharama huonyesha faida inaanzia wapi. Bei ya kutekelezea ndiyo huonyesha haki inaanza kuwa na thamani wapi.

Istilahi ya tatu ni ukomo. Jedwali huandika `Exp` na tarehe, na kwa mikataba ya kila mwezi siku hiyo kwa kawaida ni Ijumaa ya tatu ya mwezi. Wafasiri waliozoea hatifungani hushawishika kuandika “tarehe ya kukomaa”, na herufi chache tu hutenganisha maneno hayo. Lakini hatifungani ikikomaa, au ikiiva kama wasemavyo wengine, mwenye nayo hulipwa mtaji wake. Hiari haikomai, hukoma. Hisa ikifunga dola 49.50, mkataba wa Mwanaidi unakwisha bila thamani na Baraka anabaki na hisa zake pamoja na zile dola 120.

Hata neno “ukomo” lina hatari yake moja, nayo ni kumfanya msikilizaji aamini kuwa siku hiyo asipofanya lolote, lolote halitatokea. Kanuni za Marekani ziko kinyume. Hiari ambayo siku ya ukomo ina thamani ya angalau senti moja kwa hisa hutekelezwa yenyewe, isipokuwa mwenye nayo awe ametoa maagizo ya kuizuia. Chukua tena ile dola 50.70, na tuseme Mwanaidi ana dola 600 tu katika akaunti. Ukimya wake ni sawa na kusema “ninanunua”, na ununuzi huo unahitaji dola 5,000. Madalali wengi huwahi kuuza mkataba wa namna hiyo saa chache kabla soko halijafungwa, kwa bei watakayoikuta, lakini hilo ni uamuzi wao na si haki ya mteja. Aliyekusudia kuichukua faida tu, bila hisa, huuza mkataba wake mwenyewe kabla ya kengele ya Ijumaa. Njia hiyo ndiyo ya kawaida, na inashangaza jinsi maelezo mengi ya mwanzo yanavyoiruka.

Imebaki istilahi iliyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake ni wa kisarufi. Mwanaidi anapotekeleza haki yake, hamjui Baraka wala hamtafuti. Katikati yao lipo shirika la OCC, ambalo ni mnunuzi kwa kila muuzaji na muuzaji kwa kila mnunuzi. Shirika hilo hupeleka wajibu kwa madalali kwa namna ya kura. Dalali naye humpa mmoja wa wateja wake waliouza mkataba wa aina hiyo, ama kwa kura tena ama kwa utaratibu mwingine aliokwisha kuutangaza. Kwa hiyo anayemwangukia Baraka huenda si Mwanaidi hata kidogo.

Kitendo hicho Kiswahili kinakieleza vizuri kwa “kupangiwa wajibu”. Viambishi vya kutendea na kutendwa vilivyomo katika “pangiwa” vinasema yote: yupo mwingine anayepanga, na muuzaji hupokea. “Upangaji” ni kazi ya shirika na dalali. Yanayompata Baraka ni “upangiwaji”. Katika mazungumzo ya kikundi “kuangukiwa” pia linafaa, maana ndivyo kura inavyosemwa. “Uhawilishaji” wa wanasheria ungefaa mtu anapomkabidhi mwingine haki yake kwa kupenda, jambo ambalo halipo hapa.

Hisa ikifunga dola 53 na Baraka akapangiwa, atatoa hisa zake 100 kwa dola 5,000, ilhali soko lingempa 5,300. Hajafilisika: ana hisa alizozitoa kwa bei aliyoikubali, na ada juu yake. Aliyeuza bila kuwa na hisa ndiye mwenye shida, kwa kuwa lazima azinunue kwa 5,300 ili azitoe kwa 5,000, na hisa ikifika dola 80 tofauti hiyo itakuwa dola 3,000. Ada ya dola 120 inalinganishwa na hasara isiyo na kikomo cha juu.

Muda wa kupangiwa nao haufuati matarajio ya muuzaji. Hiari za hisa za kampuni moja moja nchini Marekani zinaweza kutekelezwa siku yoyote kabla ya ukomo, na mara nyingi hutekelezwa siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio, mnunuzi akitaka gawio hilo liwe lake. Baraka anaweza kuamka akakuta hisa zimekwenda pamoja na gawio alilolihesabia. Siku yenyewe ya ukomo, soko hufungwa saa 10 jioni kwa saa za New York, lakini mwenye haki ana hadi saa 11 na nusu kutoa maagizo, ingawa dalali anaweza kuweka kikomo cha mapema zaidi. Hisa ikifunga dola 49.90, kisha habari njema ikatoka saa 11 kasorobo na kuipandisha, wapo watakaotekeleza. Baraka, aliyezima kompyuta akiamini mkataba umekoma, atasoma neno `Assigned` katika akaunti yake baada ya soko kufungwa, wakati hana tena la kufanya hadi Jumatatu.