UFAFANUZI WA MIRATHI: FUNGU LA BINTI WA MWANA ANAPORITHI PAMOJA NA BINTI MMOJA WA MAREHEMU

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba ufafanuzi huu unahusu hali moja ya mirathi ya Kiislamu inayozusha mabishano katika familia. Hali hiyo ni ya marehemu kuacha binti mmoja wa kumzaa, pamoja na binti wa mwanawe wa kiume, ambaye mwana huyo alifariki kabla ya baba yake. Husemwa kuwa binti huyo wa mwana hana chake, kwa sababu baba yake hakuwahi kurithi. Kauli hiyo si sahihi. Iwapo marehemu hakuacha mwana wa kiume aliye hai wala mjukuu wa kiume kwa mwana, fungu la binti wa mwana ni sudusi, yaani sehemu moja katika sita.

Asili ya fungu hilo

Aya ya 11 ya Suratun Nisaa imeweka nusu ya mali kwa binti akiwa mmoja, na theluthi mbili kwa mabinti wakiwa wengi. Theluthi mbili ndiyo kikomo cha mafungu ya upande wa mabinti. Binti mmoja akishachukua nusu yake, kikomo hicho hubakiwa na sudusi moja, na hiyo ndiyo anayopewa binti wa mwana. Kwa hiyo wanavyuoni huiita sudusi ya kukamilisha theluthi mbili.

Hukumu hii imethibiti katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari. Abu Musa Al-Ash'ari aliulizwa juu ya maiti aliyeacha binti, binti wa mwana na dada. Akajibu kuwa nusu ni ya binti na nusu ni ya dada, kisha akamwelekeza muulizaji kwa Abdullah bin Mas'ud. Ibn Mas'ud hakuikubali fatwa hiyo. Akaeleza kuwa yeye atahukumu kama alivyohukumu Mtume (S.A.W.): binti apewe nusu, binti wa mwana apewe sudusi, na kilichobaki kiwe cha dada. Abu Musa alipopelekewa jawabu hilo aliliridhia.

Ifahamike basi kwamba binti wa mwana hapokei fungu la baba yake. Baba yake alikufa kabla ya mwenye mali, na maiti harithi. Yeye anarithi kwa nafsi yake, kwa kuwa ni mzawa wa marehemu kwa njia ya mwana wa kiume.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mtu aliyefariki akaacha mke, mama, binti mmoja, binti mmoja wa mwana na ndugu wa kiume wa baba na mama mmoja. Nyumba yake, mikarafuu yake na fedha zake vimekadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 27,600,000. Gharama za maziko na madeni ni shilingi 3,600,000, na hakuacha wasia. Mali ya kurithiwa ni shilingi 24,000,000.

Mali hiyo hugawiwa kwa sehemu 24, na kila sehemu ni shilingi 1,000,000:

(a) Mke anapata thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha mzawa: sehemu 3, shilingi 3,000,000.
(b) Mama anapata sudusi kwa sababu hiyo hiyo: sehemu 4, shilingi 4,000,000.
(c) Binti anapata nusu: sehemu 12, shilingi 12,000,000.
(d) Binti wa mwana anapata sudusi: sehemu 4, shilingi 4,000,000.
(e) Ndugu wa kiume ni asaba, naye huchukua kinachobaki: sehemu 1, shilingi 1,000,000.

Binti wa mwana akiachwa nje ya hesabu, sehemu zake 4 humwendea ndugu, naye akaondoka na shilingi 5,000,000 badala ya 1,000,000. Huenda ndugu akahisi kuwa mtoto huyo amempunguzia. Lakini kama marehemu angeacha mabinti wawili wa kumzaa, wangechukua theluthi mbili, yaani sehemu 16, na ndugu angebaki na sehemu ile ile 1. Sehemu 12 za binti pamoja na 4 za binti wa mwana ni 16 vile vile.

Haki hii ni ya mali yote, si ya fedha taslimu peke yake. Mwenye sudusi ana sehemu 4 katika 24 za nyumba na za mikarafuu pia, mpaka hapo warithi watakapogawana au kuuza.

Mahali ambapo fungu hubadilika au huondoka

Mabinti wa mwana wakiwa wawili au zaidi, hata kama baba zao ni mbalimbali, hushirikiana katika sudusi hiyo hiyo moja. Wakiwa pamoja na mjukuu wa kiume wa daraja yao, huwa asaba pamoja naye. Hapo hawana sudusi maalumu, bali hugawana naye kinachobaki, mwanamume kwa sehemu mbili na mwanamke kwa moja.

Marehemu akiacha mabinti wawili wa kumzaa, theluthi mbili imekwisha kutimia, na binti wa mwana hapati kitu, ila akiwapo mjukuu wa kiume wa kumfanya asaba. Na akiwapo mwana wa kiume wa marehemu aliye hai, binti wa mwana huzuiwa kabisa. Babu anayeiona hali hiyo mbele yake anaweza, angali hai, kumwusia mjukuu huyo mali isiyozidi theluthi moja, kwani hapo mjukuu si mrithi.

Mambo mawili ya kuangaliwa katika maombi

La kwanza ni neno "mjukuu". Kiswahili kinamwita mtoto wa mwana na mtoto wa binti kwa neno hilo moja, lakini sheria inawatenganisha. Binti wa binti hana sudusi hii; yeye ni katika jamaa wa mbali wasio na fungu maalumu. Orodha ya warithi isiishie kuandika "mjukuu wa kike", bali ieleze wazi "binti wa fulani, mwana wa kiume wa marehemu", na iambatanishwe na cheti cha kuzaliwa kinachoonesha jina la baba.

La pili ni tarehe za kufa. Katika mfano wetu, kama mwana angefariki siku chache baada ya baba yake, hata kabla ya mali kugawiwa, hesabu ingekuwa nyingine. Mwana angekuwa mrithi na ndugu angezuiwa. Sehemu 17 zinazobaki baada ya mke na mama zingegawiwa baina ya mwana na dada yake, mbili kwa moja. Fungu la mwana, zaidi ya shilingi 11,300,000, lingerithiwa na warithi wake mwenyewe, na binti yake, akiwa ndiye mtoto wake pekee na hakuna deni, angepata nusu ya fungu hilo. Kwa hiyo vyeti vya vifo vyote viwili viwasilishwe, na tarehe zake zilinganishwe kabla ya kuanza kugawa.

Familia zinazotofautiana juu ya hesabu zinashauriwa zisigawane wala zisiuze chochote, bali zipeleke shauri lao Mahakama ya Kadhi ya Wilaya pamoja na vyeti hivyo. Penye mtoto mdogo, fungu lake liandikwe kwa jina lake, wala lisichanganywe na fungu la mtu mzima yeyote.