Mahindi ya Darwin na Thamani ya p

Mwaka 1876 Charles Darwin alichapisha kitabu kuhusu uchavushaji wa mimea. Ndani yake mna jedwali dogo la mahindi ambalo wanatakwimu wamelirudia mara nyingi tangu hapo. Swali lake lilikuwa la mkulima yeyote: mche uliotokana na mbegu ya uchavushaji mtambuka, yaani chavua imetoka kwenye mmea mwingine, unarefuka kuliko ule uliotokana na mmea uliojichavusha wenyewe? Alichukua miche iliyochipua wakati mmoja, akaipanga mmoja kwa mmoja, akaipanda katika vyungu vinne, kila mche ukimkabili mwenzake upande wa pili wa chungu. Mwishoni alikuwa na jozi 15 zilizopimwa kwa inchi.

Nimelichagua jedwali hili kwa sababu linaingia kwenye karatasi moja, na kwa sababu linamweka wazi kila mtu anayetaka kucheza na takwimu. Data zilezile zinaweza kukupa jibu la “hakuna kitu hapa” au la “tofauti ni kubwa mno”, ikitegemea ulichoamua kufanya kabla ya kubonyeza kitufe. Mwenye data za uwandani, ziwe za mavuno au za kina cha visima, yumo kwenye mtego huohuo.

Wastani wa miche ya mtambuka ulikuwa inchi 20.19, na wa iliyojichavusha inchi 17.58. Tofauti ni inchi 2.6, takribani sentimita 6.6. Je, tofauti hiyo ni ya mbegu, au ni bahati tu ya miche 30?

Darwin hakuwa na chombo cha kujibu. Aliomba msaada kwa binamu yake Francis Galton, naye Galton akaipanga upya miche kwa urefu, mirefu na mirefu, mifupi na mifupi, mtambuka upande huu na iliyojichavusha upande ule. Jedwali lilipendeza macho, lakini jozi zote zilivunjika. Jaribio la t lenyewe lilikuja mwaka 1908, kazi ya William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeandika kwa jina la bandia la Student. Mwaka 1935 Ronald Fisher aliyarudia mahindi ya Darwin katika kitabu chake cha kupanga majaribio, na kosa la kwanza alilolisahihisha ni hilo la Galton.

Hapo ndipo uchaguzi wa jaribio unapoanzia. Hauanzii kwenye menyu ya kompyuta, unaanzia shambani: data zilikusanywaje? Kama umegawa shamba la kila mkulima mara mbili, nusu ukatia samadi na nusu ukaacha, kila nusu ina mwenzake, nawe unatumia jaribio la t la jozi, linalotazama tofauti ndani ya kila shamba. Kama wenye samadi ni wakulima 20 na wasio na samadi ni wengine 20, hakuna wa kumlinganisha na mwenzake. Hilo ni jaribio la makundi mawili huru. Na kama huna makundi kabisa, una namba mbili kwa kila shamba, tuseme umbali kutoka mtoni na magunia yaliyovunwa, swali lako ni la uhusiano, na kipimo chake ni r, kinachokwenda kutoka -1 hadi 1.

Anayetumia R anaweza kuyajaribu yote matatu kwa mahindi haya:

```
mtambuka <- c(23.5, 12, 21, 22, 19.125, 21.5, 22.125, 20.375,
              18.25, 21.625, 23.25, 21, 22.125, 23, 12)
binafsi  <- c(17.375, 20.375, 20, 20, 18.375, 18.625, 18.625,
              15.25, 16.5, 18, 16.25, 18, 12.75, 15.5, 18)
t.test(mtambuka, binafsi, paired = TRUE)
t.test(mtambuka, binafsi)
cor.test(mtambuka, binafsi)
```

Mstari wa kwanza wa `t.test` ndio unaofuata jinsi Darwin alivyopanda. Unatoa t ya 2.148 na thamani ya p ya 0.0497. Mstari wa pili unajifanya kwamba jozi hazikuwepo, nao unatoa p ya 0.02 hivi.

Tuseme kwanza namba hizo zinasema nini, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Fisher alionyesha njia ya kuipata p bila fomula ya Gosset, na kwangu hakuna njia inayoifafanua vizuri zaidi. Chukulia kwamba aina ya uchavushaji haina athari yoyote. Basi katika kila jozi, mche upi umekuwa mrefu ni suala la bahati, na tofauti ya inchi 6 kwa faida ya mtambuka ingeweza vilevile kuwa inchi 6 kwa hasara yake. Kwa jozi 15, alama za kujumlisha na kutoa zinaweza kupangwa kwa njia 32,768. Sasa pitia mipangilio yote na uhesabu ile inayozaa jumla kubwa kama ya Darwin au kuizidi, upande wowote. Ni 1,726. Gawanya, unapata asilimia 5.27. Hiyo ndiyo p, na haina siri nyingine: ni mara ngapi bahati peke yake, katika ulimwengu ambamo mbegu hazitofautiani, ingetoa pengo kubwa namna hii.

Kwa hiyo p ya 0.05 haimaanishi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa Darwin alikuwa sahihi. Hesabu imeanza kwa kuchukulia kwamba hakuna tofauti. Haiwezi tena kukuambia dhana hiyo ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kulisema jambo hilo waziwazi, na bado sentensi ya “tuna uhakika wa asilimia 95” inaonekana katika tasnifu kila mwaka.

Sasa tazama: jaribio la t la jozi linasema 0.0497, hesabu ya Fisher inasema 0.0527. Data ni zilezile, swali lilelile. Kwa anayeabudu mpaka wa 0.05, mahindi ya kwanza yana ugunduzi na ya pili hayana. Huo ni mchezo wa kuigiza. Mpaka wenyewe ulienea kwa sababu Fisher aliona moja katika ishirini ni kiwango kinachofaa kwa matumizi. Hakuna kitu katika maumbile kinachobadilika pale. Namba hizo mbili zinasema jambo moja: kuna dalili, na dalili si nzito.

Kinachosaidia zaidi ni safu ambayo R inaiandika chini ya p na wengi hawaisomi, yaani kipindi cha imani cha asilimia 95. Hapa kinaanzia inchi 0.004 na kuishia inchi 5.23. Kwa lugha ya shambani, data hizi zinapatana na faida ya takribani unene wa unywele, na zinapatana pia na faida ya sentimita 13. Mkulima anayetaka kujua kama anunue mbegu anahitaji kuusikia upana huo, si neno “muhimu kitakwimu” peke yake.

Je, ile 0.02 ya makundi huru? Inavutia kwa sababu ni ndogo, na ndiyo sababu ya kuikataa. Kwa kawaida jozi husaidia: shamba lenye rutuba huinua nusu zote mbili, na ukitoa moja kwenye nyingine rutuba inajifuta. Katika vyungu vya Darwin haikuwa hivyo. `cor.test` inaonyesha r ya -0.33 kati ya wenzi: pale mmoja alipokuwa mrefu, mwenzake alielekea kuwa mfupi. Huenda waliokaa chungu kimoja walinyang’anyana maji na mwanga, jedwali halisemi. Lakini jozi zilipandwa kama jozi, na mtu anayezivunja baada ya kuona ipi inampa p nzuri anakuwa amechagua jibu, wala si jaribio. Uamuzi huo unaandikwa kwenye daftari kabla ya mavuno.

Hiyo r yenyewe ina p ya 0.22. Kusema “hakuna uhusiano” kwa sababu ya namba hiyo ni kosa. Kwa jozi 15, uhusiano wa kadiri unaweza kujificha kabisa. Chora nukta kwenye karatasi kabla ya kuamini r yoyote. Hapa utaona nukta mbili zimekaa mbali na nyingine, jozi ya pili na ya kumi na tano, ambamo mche wa mtambuka ulikwama kwenye inchi 12 na mwenzake akampita kwa inchi 8 na 6. Ziondoe, na r inashuka hadi -0.11. Karibu uhusiano wote ulibebwa na miche miwili.

Ukiziondoa jozi hizohizo kwenye jaribio la t, kinachotokea kinapaswa kumtia mtu hofu: p inaanguka kutoka 0.0497 hadi chini ya 0.001. Ni kishawishi kikubwa. Unaweza kujiambia miche ile iliugua. Labda iliugua, lakini kama daftari la shambani halikuandika ugonjwa siku ulipoonekana, sababu uliyoipata baada ya kuona majibu haihesabiki. Jozi hizo zinabaki, na ukitaka kuonyesha hesabu bila ya hizo, unaziweka zote mbili mbele ya msomaji.

Kuna ubaya mwingine ambao Darwin aliuepuka na ambao katika kazi za uwandani nauona ndio mbaya kuliko yote. Mtafiti ana shamba moja lenye samadi na moja lisilo nayo, anapima mimea 100 katika kila moja, kisha anaiambia SPSS kwamba sampuli ni 200. Kompyuta inatii, p inatoka ndogo mno, na watu wanashangilia. Mimea 100 ya shamba moja inashiriki udongo, mvua na mkono wa mkulima mmoja. Kuhusu samadi, sampuli yake ni shamba moja kwa moja, na tofauti iliyopimwa inaweza kuwa ya kichuguu. Dalili ni rahisi kuiona: hesabu ni vitu vingapi vilipewa samadi kila kimoja kivyake, kisha tazama safu ya `df` kwenye majibu. Kwa jozi 15 za Darwin inasoma 14. Ikisoma 198 na mashamba ni mawili, jaribio halifai, hata p iwe ndogo kiasi gani.

Kwa mahindi haya, sentensi ninayoweza kuitia sahihi ni hii: katika jozi 15, miche ya mtambuka ilizidi kwa wastani wa sentimita 6.6, kipindi cha imani kikianzia karibu na sifuri hadi sentimita 13.3, t = 2.15, df = 14, p = 0.0497, jozi 2 zilikwenda kinyume na zimeachwa ndani. Anayeandika ripoti yake wiki hii aige umbo hilo, aweke namba zote, na aache neno “imethibitika”.