Fedha za chuo: zipi ni deni, zipi si deni

Katika familia nyingi za Kahama na Katoro, mtoto akipata fedha za chuo husemwa kwamba "serikali imemlipia". Kauli hiyo hufunika tofauti kubwa. Ruzuku hutolewa kwa sababu ya uhitaji, na ufadhili kwa sababu ya ufaulu. Vyote viwili havirejeshwi. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi, ni ya aina hii, ingawa mwanafunzi akishuka ufaulu aweza kuipoteza. Mpango wa kusoma huku ukifanya kazi chuoni, ambao vijana wetu waendao Marekani hukutana nao, hauachi deni: ule ni ujira wa saa zilizofanyiwa kazi.

Fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni mkopo, na mkopo si ada peke yake. Posho ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita "bumu", nayo ni deni. Tuchukue mfano wa binti wa Shinyanga aliyekopeshwa ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka, pamoja na bumu la shilingi 10,000 kwa siku 240. Kwa miaka mitatu, ada ni shilingi 3,900,000 lakini bumu ni 7,200,000. Jumla ni 11,100,000.

Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 740,000, mwajiri hukata asilimia 15, yaani 111,000 kila mwezi. Deni litakwisha kwa miezi 100, na mwezi mmoja zaidi kwa ajili ya ada ya uendeshaji ya asilimia 1.

Hapa ndipo ilipokuwapo dhiki ya Waislamu wengi. Hadi mwaka 2021 deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Kwa binti yetu, nyongeza hiyo ingekuwa shilingi 666,000 katika mwaka wa kwanza, yaani nusu ya makato yake yote. Walioogopa riba walikuwa na hoja. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021 pamoja na faini ya asilimia 10 ya wacheleweshaji. Mzazi anayemkataza mwanawe leo kwa sababu ya ile asilimia 6 anakataa kitu kisichokuwapo tena.

Kinachosahaulika ni kijana asiye na mwajiri. Mhitimu aliyeingia kwenye maduara ya Nyarugusu hana hati ya mshahara, lakini deni lake lipo, na miezi 24 baada ya kuhitimu anatakiwa kuanza kulipa. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi. Na anayeajiriwa asiposoma katika hati yake ya kwanza mstari wa makato ya Bodi, amuulize mhasibu siku hiyo hiyo: mwajiri ana siku 28 tu za kuitaarifu Bodi kwamba amemwajiri.